Sura ya 6: Nukta Inayorahisisha Kazi

Kosa la nukta ya desimali huwa tunalidhania kuwa ni kosa kubwa linaloonekana kwa mbali. Shafti ya milimita 40 inaandikwa 400, karakana nzima inacheka, mchoro unarudishwa kwa aliyeuchora na kazi inaendelea. Makosa ya namna hiyo yapo, lakini hayana madhara, kwa sababu chuma chenyewe kinayakataa: shafti nene kuliko ndoo haiingii kwenye mashine ya kukereza, na hakuna mtu atakayekwenda kuinunua. Nukta ya kuogopwa ni ile iliyo kwenye tarakimu ndogo zilizobanwa pembeni ya kipimo, zile zinazosema kipimo kiruhusiwe kupungua au kuzidi kiasi gani. Hapo jicho halina cha kushika. Kati ya 0.025 na 0.25 ya milimita hakuna picha yoyote inayomjia mtu kichwani. Zote mbili ni "kidogo sana". Sura hii inadai jambo moja zaidi ya hilo: kosa la nukta huishi muda mrefu hasa pale linapoifanya kazi iwe rahisi. Likiifanya ngumu, fundi atalalamika na litafichuka siku hiyohiyo. Likiilegeza, halina wa kulilalamikia, isipokuwa mtu ambaye bado hajajua kazi inapaswa kuwa ngumu kiasi gani na hivyo analazimika kuipigia hesabu.

Mtwara ni mahali pazuri pa kulichunguza dai hili, kwa sababu karakana zake hupokea michoro ya kila asili. Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kusini mwa Tanzania kuanzia miaka ya 1970, Mtwara mjini, Newala, Masasi na kwingineko, vilifungwa mitambo ya Kitaliano na mingine ya Kijapani. Vingi vilikaa miaka mingi bila kufanya kazi, vingine vikageuzwa maghala, lakini vipuri na michoro yake havikupotea vyote. Vilihamia kwa wenye mashine ndogo na kwa mafundi wanaowatengenezea. Mwitaliano huandika 0,025 kwa mkato. Mjapani huandika 0.025 kwa nukta, kama tulivyofundishwa sisi. Na huhitaji kwenda Ulaya kuukuta huo mkato: ukivuka Ruvuma pale Kilambo kuingia Cabo Delgado, umeingia nchi inayoandika desimali zake kwa mkato kama Wareno. Hakuna upande uliokosea. Mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua mwaka 2003 kwamba nukta na mkato vyote vinakubalika, na ukasisitiza tena kwamba maelfu yatenganishwe kwa nafasi tupu, isitumike alama yoyote. Ni uamuzi wa haki, lakini umeiachia karakana ya Mtwara kazi ya kujua kila karatasi imetoka wapi.

Kisa kinachofuata ni cha kutunga, ila vipimo vyake ni vile vinavyotumika kweli kazini. Ni Septemba, minada ya korosho inakaribia, na mwenye mashine ya kubangulia ameleta shafti iliyolika. Shafti hiyo ina kipenyo cha milimita 40 na huzunguka ndani ya bushi mbili za shaba zinazolainishwa kwa mafuta. Bushi mpya zimeshakerezwa jana yake. Pamoja na shafti kuukuu umekuja mchoro uliochorwa upya kwa mkono kutoka kwenye nakala ya zamani ya Kiitaliano. Kwenye ile nakala, mashine ya fotokopi ilikuwa imeufuta mkato, ikabaki "0025" na "0050". Aliyenakili aliona sifuri mbili zimefuatana, akadhani moja ni ya kimakosa, akaandika vizuri na kwa mwandiko safi: 40, na pembeni −0.25 na −0.50. Kosa lilizaliwa wakati mtu anasahihisha, na usafi wa mwandiko wake ukaongeza imani ya wasomaji. Mwanagenzi, binti wa fani ya ufundi mitambo aliyetoka chuo cha VETA kuja kujifunza kazini, ndiye aliyepewa mchoro huo aandae chuma.

Tazama kwanza kwa nini fundi mwenye miaka ishirini kazini angeweza kuupitisha. Mchoro unamwambia kwamba shafti iwe kati ya milimita 39.50 na 39.75. Kwenye mashine nyingi za zamani, gurudumu la kusogeza kisu limegawanywa kwa vijistari, na kila kimoja husogeza kisu milimita 0.05. Kwa kuwa kisu hula pande zote za shafti inayozunguka, kijistari kimoja hupunguza kipenyo kwa 0.10. Uhuru wa robo milimita basi ni vijistari viwili na nusu: kazi ya mtu aliyekunywa chai, akasogeza gurudumu, akapima kwa kalipa na kumaliza. Mchoro halisi ungemtaka abaki kati ya 39.950 na 39.975. Uhuru huo ni robo tu ya kijistari kimoja. Gurudumu halimsaidii tena; itambidi aache chuma kidogo, asubiri shafti ipoe kwa sababu chuma cha moto hupima kikubwa kuliko kilivyo, achukue maikromita, amalizie kwa msasa laini huku akipima kila mara. Kati ya kazi hizi mbili, ya kwanza ndiyo inayopendeza wakati mteja amesimama mlangoni. Fundi huyo asingekuwa mvivu wala mzembe. Mchoro umempa ruhusa, na ruhusa haichunguzwi kama inavyochunguzwa amri ngumu.

Mwanagenzi hana hayo mazoea ya kupokea ruhusa. Chuoni amefundishwa kwamba kabla ya kukata, kipimo cha shafti kitolewe kwenye kipimo cha tundu ili kujua mwanya utakaobaki. Tundu la bushi limeandikwa 40, na ruhusa yake ni kuzidi kwa 0.025, bila kupungua hata kidogo. Akatoa. Shafti kubwa kabisa kwenye tundu dogo kabisa inaacha mwanya wa 0.25, shafti ndogo kabisa kwenye tundu kubwa kabisa inaacha 0.525. Nusu milimita na ushei. Namba hiyo peke yake haikumwambia kwamba kuna kosa, kwa sababu hakuwa na uzoefu wa kujua mwanya wa kawaida ni upi. Kilichomshtua ni ujirani wa tarakimu: tundu limepewa uhuru wa 0.025, shafti inayoingia humohumo imepewa uhuru wa 0.25, mara kumi kamili. Watu hawagawi uhuru hivyo. Ukitumia muda na fedha kulibana tundu hadi sehemu mbili na nusu za mia za milimita, huwezi kuipa shafti yake leseni ya kupwaya, maana ubanaji wote wa tundu utakuwa umepotea bure. Na pale tofauti inapokuwa mara kumi hasa, wala si mara saba au kumi na tatu, mshukiwa wa kwanza ni nukta.

Alama ya pili ilikuwa pembeni zaidi, mahali ambapo wasomaji wengi wa mchoro huruka. Juu ya uso wa shafti palikuwa na alama ya ulaini, Ra 0.8. Maana yake ni kwamba mikwaruzo iliyoachwa na kisu isizidi, kwa wastani, sehemu 0.8 za elfu moja ya milimita. Uso wa namna hiyo hupatikana kwa kusaga au kwa kukereza kwa uangalifu mkubwa. Ukitaka uso laini namna hiyo, ni kwa sababu chuma kitasugua chuma kupitia utando mwembamba wa mafuta, na mikwaruzo mirefu ingeutoboa utando huo. Lakini utando wa mafuta hauwezi kukaa kwenye mwanya wa nusu milimita, humwagika tu. Kwa hiyo mchoro mmoja unadai mambo mawili yasiyopatana: uso wa shafti inayobebwa na mafuta, na mwanya wa shafti isiyobebwa na kitu. Nadhani hii ndiyo alama yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo isiyofundishwa vya kutosha. Namba moja inaweza kudanganya. Namba mbili zinazoeleza kazi moja, moja ikiwa imekosewa, huanza kubishana zenyewe kwenye karatasi.

Alichofanya baadaye kilimaliza ubishi. Shafti kuukuu ilikuwa imelika pale ilipokuwa ikisugua bushi, lakini pembeni mwa bushi, sehemu iliyofunikwa na puli, chuma kilikuwa bado na ngozi yake ya kiwandani, na kilikerezwa kwa kipenyo kilekile. Akapangusa grisi, akapima hapo kwa maikromita sehemu tatu tofauti. Ikasoma 39.96. Kalipa isingetosha, kwa sababu mkono ukibana kidogo zaidi kalipa hudanganya kwa sehemu mbili au tatu za mia za milimita, na uhuru wote wa mchoro halisi ni sehemu mbili na nusu tu za mia. Kipimo cha 39.96 kinakaa katikati ya 39.950 na 39.975. Kiko mbali kabisa na 39.75.

"Fundi, samahani," alisema, "naomba uangalie hapa kabla sijafunga chuma. Mchoro unasema tupunguze robo hadi nusu milimita, lakini hii ya zamani, pale isipolika, imepungua sehemu nne tu za mia."

"Mashine za korosho hizo, mwanangu, zina vumbi na mafuta ya ganda," fundi alijibu. "Ukiibana sana itakwama. Lazima ipwaye."

Jibu hilo lisidharauliwe, kwa sababu lina ukweli ndani yake na ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya mwanagenzi. Mitambo ya shambani na ya vumbi kweli hutengenezwa kwa mwanya mkubwa, na mfumo wa kimataifa wa vipimo vya kufungamana una daraja kwa ajili yake: kwa kipenyo cha 40, shafti ya daraja linaloitwa c11 hupungua kati ya 0.120 na 0.280. Ukiilinganisha na mchoro wetu, 0.25 haionekani kichaa hata kidogo. Kama hoja ya mwanagenzi ingekuwa "namba hii ni kubwa mno", fundi angeshinda, na kwa haki. Lakini hoja yake ilikuwa nyingine. Anayetaka kulegeza huilegeza jozi nzima: tundu linaloendana na c11 kwa kawaida ni H11, ambalo lina uhuru wa 0.160, na uso wake hauhitaji ulaini wa Ra 0.8. Mchoro huu ulikuwa na tundu la uhuru wa 0.025, yaani H7, la kazi nyeti, na uso wa kazi nyeti. Mshirika wa kawaida wa H7 kwa shafti inayozunguka kwenye mafuta ni f7, na f7 kwa kipenyo cha 40 ni kupungua kwa 0.025 hadi 0.050. Ndizo tarakimu zilezile za mchoro, nukta ikirudi mahali pake. Fundi alikuwa anaujua mtambo; mwanagenzi alikuwa anausoma mchoro. Bila maikromita kuamua kati yao, mazungumzo yangeishia kwenye umri.

Kwani kungetokea nini kama chuma kingekatwa? Siku ya kwanza, hakuna. Shafti ingeingia kwa urahisi, ingezunguka kwa mkono bila kukwama, na mteja angefurahia wepesi wake. Mkanda unaovuta puli ungeivutia shafti upande mmoja wa bushi, mafuta yangetoka upande wa pili, na kila mzigo ukibadilika shafti ingeruka na kugonga. Bushi ingeanza kulika kwa umbo la yai, puli ingeyumba, mkanda ungekula ukingo wake. Dalili ya kwanza ingekuwa mlio, pengine katikati ya msimu, na wa kulaumiwa angekuwa muuza mafuta au ubora wa shaba. Hapo ndipo kosa la nukta hupotelea: likishageuka kuwa uchakavu, hakuna anayelirudia kwenye karatasi. Na chuma kilichopunguzwa hakirudi. Unaweza kukijaza kwa kuchomelea, lakini joto hupinda shafti. Unaweza pia kukereza bushi mpya yenye tundu dogo la kuifuata shafti iliyokonda, na mafundi wengi wangefanya hivyo. Mashine ingefanya kazi vizuri tu. Ila sasa ina shafti ya kipimo kisichokuwamo kwenye kitabu chochote, na siku mwenye mashine atakaponunua bushi ya 40 dukani, atarudi nayo akishangaa.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kazi ya mhandisi. Mchoro ukisainiwa, karakana ikate. Msimamo huu una faida yake: unajulisha nani anawajibika. Kasoro yake ni kwamba unachukulia kuwa anayehakiki hesabu huigundua nukta, ilhali anayehakiki mara nyingi hupita njia ileile aliyopita aliyekosea. Hispania ilijifunza hilo kwa gharama kubwa katika mradi wa manowari zake za S-80. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba manowari ya kwanza, Isaac Peral, ilikuwa nzito kupita kiasi kwa makumi ya tani, kiasi cha kutiliwa shaka kama ingeweza kuelea tena ikishazama. Aliyekuwa ofisa wa wizara ya ulinzi ya nchi hiyo aliwaeleza waandishi wa habari kwamba mtu aliweka nukta mahali pasipo pake kwenye hesabu, na hakuna aliyerudi kuikagua. Chombo kilichopangwa kuwa na urefu wa mita 71 kililazimika kurefushwa hadi mita 81 hivi, na kikakabidhiwa kwa jeshi la majini mwaka 2023 tu. Wahandisi walikuwepo, saini zilikuwepo. Uzito uliozidi uligunduliwa wakati chuma kimeshakatwa.

Wengine watasema kompyuta imelimaliza tatizo. Kwa sehemu, ndiyo. Mchoraji akichagua "40 f7" kwenye programu, programu yenyewe hujaza tarakimu, na herufi haina nukta ya kuhama; hiyo ndiyo faida kubwa ya kuandika herufi badala ya tarakimu tupu, na ingefaa kila mchoro wa mkono ufanye hivyo pia. Lakini ukiingiza tarakimu mwenyewe, programu itachora −0.25 kwa unyoofu uleule ambao ingechorea −0.025. Haijui bushi imeshakerezwa. Zaidi ya hapo, mchoro wa kompyuta ukifika karakana ya mtaani mara nyingi umeshapigwa picha kwa simu, ukatumwa, ukapungua ubora na kuchapishwa tena. Nukta ndiyo alama ndogo kuliko zote kwenye karatasi, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kufa. Ndiyo maana mchoro mzuri huweka sifuri kabla ya nukta. Kipimo kilichoandikwa .5 kikipoteza nukta kinakuwa 5 na kinasomeka kabisa, 0.5 ikiipoteza inakuwa 05, na hiyo sifuri iliyobaki yatima humfanya msomaji asite.

Linabaki suala la muda. Mwanagenzi akisimamisha kila kazi kwa maswali, karakana haitalipa hata umeme. Ni kweli, na jibu si kumruhusu aulize kila kitu. Katika mchoro wetu palikuwa na vipimo vingi: urefu wa shafti, mahali pa puli, mikato ya pembe, mashimo ya boliti. Urefu ukikosewa kwa milimita mbili, shafti hiyo itazunguka tu. Palipohitaji hesabu ni pale chuma kinapozunguka ndani ya chuma, na hapo palikuwa pawili tu, bushi mbili za kipimo kimoja. Kutoa namba nne na kupima shafti kuukuu sehemu tatu ni dakika chache, chini ya muda wa kuinoa na kuifunga ncha ya kisu. Na kilichompa haki ya kusikilizwa ni kwamba alifika kwa fundi na kipimo mkononi. Angefika na wasiwasi mtupu, angeambiwa akate, na angekata.

Njia hii ina mpaka, na ni vizuri kuuona. Inafaa pale ambapo kuna jirani wa kulinganisha naye: tundu lililoandikwa sawasawa, alama ya uso iliyosalimika, shafti kuukuu yenye sehemu isiyolika. Kama tundu nalo lingenakiliwa na mtu yuleyule kutoka kwenye fotokopi ileile, 0025 ya upande huo pia ingegeuka 0.25, na karatasi ingekubaliana na yenyewe vizuri kabisa. Kama mwenye mashine angekuja na mchoro pekee, shafti kuukuu ikiwa imeshauzwa chuma chakavu, maikromita isingekuwa na pa kugusa. Hapo ingebaki Ra 0.8 peke yake kubisha, na ushahidi wa shahidi mmoja ni rahisi kuupuuza.

Fundi alizikata kwa mistari miwili zile tarakimu za zamani bila kuzifuta, akaandika 40 f7 juu yake, na chini −0.025 na −0.050, akatia saini na tarehe. Hivyo ndivyo inavyofanywa, ili atakayekuja aone kilichobadilishwa na nani alibadilisha. Lakini karatasi hiyo ni moja. Picha ya mchoro wa awali ipo bado kwenye simu ya mwenye mashine, aliyoituma kwenye karakana tatu kuulizia bei, na huko hakuna aliyeisahihisha.